Skwoshi na Raketiboli

Kuna michezo miwili ambayo mtu asiyeizoea hudhani ni mmoja. Yote miwili huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne. Wachezaji wawili husimama pamoja upande mmoja, wala hapana wavu katikati yao. Kila mmoja ana raketi yake, nao hupokezana kuupiga mpira ukutani. Sheria kubwa ni moja pia: mpira ukisha kupigwa lazima ufike ukuta wa mbele kabla ya kugusa sakafu, na mpinzani lazima aupige kabla haujadunda mara ya pili. Mmoja wa michezo hii huitwa skwoshi, na wa pili huitwa raketiboli.

Walakini, mtu aliyecheza skwoshi miaka mingi akiingia katika uwanja wa raketiboli, siku ya kwanza hushindwa hata na mwanafunzi. Naye mchezaji wa raketiboli akiingia katika skwoshi, hupatwa na mambo yale yale. Si kwamba hana nguvu au mbio, bali mazoea yake yenyewe ndiyo yanayompoteza. Na tutaona kwamba karibu kila kosa lake latoka katika jambo moja, nalo ni mpira.

Kwanza tuangalie asili. Skwoshi ni mchezo wa Waingereza, ulioanza katika karne ya 19 katika shule ya Harrow, karibu na London. Raketiboli ulizaliwa Amerika baadaye sana. Yapata mwaka 1950 mtu aitwaye Joe Sobek, wa mji wa Greenwich katika jimbo la Connecticut, alijitengenezea raketi fupi yenye nyuzi, akatafuta mpira urukao sana, akaanza kucheza katika viwanja vilivyokuwa vimejengwa kwa mchezo mwingine, ambao watu huupiga mpira ukutani kwa viganja. Kwa hiyo uwanja wa raketiboli haukuiga uwanja wa skwoshi, bali ulirithiwa katika mchezo ule wa viganja. Ndiyo sababu vipimo vyake ni vingine.

Sasa twende kwenye mpira. Mpira wa skwoshi ni mdogo, upana wake ni milimita 40, na ndani yake ni tupu. Mpira wa mashindano una madoa mawili ya manjano, na hiyo ni alama ya kwamba hauruki sana. Ukiwa baridi umelala kama kitu kilichokufa. Kwa hiyo wachezaji huupiga ukutani dakika chache kabla ya kuanza, hata upate moto. Mpira wa raketiboli una upana wa milimita 57, nao ni mchangamfu tangu mwanzo. Ukitaka kuona tofauti yao, iangushe yote miwili juu ya sakafu ngumu kutoka urefu wa inchi 100. Ule wa raketiboli utarudi juu kadiri ya inchi 70. Ule wa skwoshi, hata ukiwa umepata moto, utapanda robo tu ya urefu ule au zaidi kidogo.

Tofauti ya mpira yafuatwa na tofauti ya uwanja. Uwanja wa skwoshi una urefu wa futi 32 na upana wa futi 21. Wa raketiboli ni mwembamba kidogo, futi 20, lakini ni mrefu zaidi, futi 40. Tena katika skwoshi kuna mstari wa juu uliochorwa kuzunguka kuta, nao huanza futi 15 kutoka chini katika ukuta wa mbele, ukashuka ubavuni mpaka futi 7 katika ukuta wa nyuma. Mpira ukipita juu ya mstari huo, au ukigusa dari, umetoka. Na chini ya ukuta wa mbele kuna ubao uliofunikwa kwa bati, wenye kimo cha inchi 19. Mpira ukiligusa bati hilo hulia kwa kishindo, na aliyeupiga amepoteza. Katika raketiboli hapana bati. Mpira waweza kupiga ukuta wa mbele inchi moja tu juu ya sakafu, na bado ukawa halali. Hata dari ni sehemu ya uwanja, ila katika pigo la kuanzia mchezo.

Raketi nazo hazilingani. Ya skwoshi yaweza kufika inchi 27, ni nyembamba, na shingo yake ni ndefu. Ya raketiboli haizidi inchi 22, kichwa chake ni kipana, na mpini wake una kamba ambayo lazima mchezaji aivae katika kifundo cha mkono, ili raketi isimponyoke ikamwumiza mwenzake.

Tuseme sasa kijana mmoja aliyejifunza skwoshi Uingereza amekwenda Amerika kusoma, na rafiki amemkaribisha katika raketiboli. Tumfuate tuone yatakayompata.

Anapewa mpira aanze. Kwa desturi ya skwoshi huweka mguu mmoja ndani ya mraba wake, huutupa mpira juu kidogo na kuupiga kabla haujagusa chini. Mpira lazima upige ukuta wa mbele juu ya mstari ulio karibu futi 6 kutoka sakafuni, kisha uangukie robo ya nyuma ya upande wa pili. Naye hupewa nafasi moja tu. Hapa rafiki yake anamzuia. Katika raketiboli mwenye kuanza husimama katikati ya mistari miwili, mmoja futi 15 na mwingine futi 20 kutoka ukuta wa mbele. Sharti audundishe mpira mara moja sakafuni, ndipo aupige. Mpira waweza kugonga ukuta chini kabisa, mradi ukirudi udunde nyuma ya ule mstari wa pili. Kwa kawaida, akikosea mara ya kwanza hupewa nafasi ya pili. Ndiyo sababu wengi hupiga la kwanza kwa nguvu sana.

Mchezo unaendelea. Rafiki anaupiga mpira kwa nguvu, unampita kijana ukielekea pembe ya nyuma. Kijana anaukimbilia upesi, maana katika skwoshi mpira ufikao pembeni nyuma hufa pale pale. Anafika pembeni, na tazama, mpira umegonga ukuta wa nyuma, ukamrukia begani, ukarudi katikati ya uwanja, naye yuko nyuma yake! Ilimpasa kufanya kinyume. Angegeuza ubavu kuelekea ukuta wa kando, akarudi nyuma polepole pamoja na mpira, akauacha ugonge ukuta wa nyuma, kisha akaufuata unaporudi mbele, akaupiga uliposhuka karibu na goti lake. Katika skwoshi mwenye haraka ndiye apataye mpira. Katika raketiboli, mara nyingi, ni yule awezaye kungoja.

Baadaye kijana anapata mpira mwepesi, umeshuka mbele yake. Mkono wake unakumbuka bati. Anaugeuza uso wa raketi juu kidogo, anaukata mpira kwa chini kama alivyofundishwa, nao unagonga ukuta futi mbili juu ya sakafu. Katika skwoshi pigo hilo ni zuri sana, maana mpira hurudi mlegevu na kuanguka karibu. Hapa mpira unaruka mpaka ukuta wa nyuma, unarudi katikati, na rafiki yake anausubiri bila taabu. Anaupiga kwa uso wa raketi uliosimama wima na kwa nguvu ya kifundo cha mkono, inchi mbili juu ya sakafu. Mpira unarudi ukibingirika chini. Hapana mtu awezaye kuupiga. Hii ndiyo dalili ya kumtambua mchezaji aliyetoka skwoshi: mipira yake mingi hurudi kutoka ukuta wa nyuma na kumpa mpinzani nafasi.

Mchezaji atokaye raketiboli kwenda skwoshi ana dalili zake pia. Ya kwanza twaisikia kwa masikio: bati halinyamazi, maana kila mpira mzuri aupiga chini. Ya pili, husimama nyuma mno. Katika raketiboli mahali pa kungojea ni hatua mbili au tatu nyuma ya mstari wa futi 20; katika skwoshi ni karibu na ule mstari wa katikati, kadiri ya futi 18 kutoka ukuta wa mbele. Akisimama nyuma, mpinzani huuweka mpira taratibu mbele, nao hufa kabla hajafika. Ya tatu, hungojea mpira utoke ukuta wa nyuma, wala hautoki. Ya nne, akisongwa huupiga mpira darini ili apate nafasi ya kupumua. Katika skwoshi kufanya hivyo ni kupoteza.

Kuhesabu alama pia kwahitaji kuulizwa mapema. Katika skwoshi kila mpira una alama kwa aliyeshinda, mpaka 11, na lazima azidi kwa mbili. Ashindaye michezo mitatu kati ya mitano ndiye mshindi. Katika raketiboli, kwa desturi iliyodumu miaka mingi, ni yule tu aliyeanza mpira awezaye kupata alama. Michezo miwili ya kwanza huishia 15, na ukihitajiwa wa tatu huishia 11. Lakini miaka hii mashindano mengine yamekwisha kufuata hesabu ya kila mpira.

Limebaki jambo ambalo kosa lake halirudishwi kwa mpira mwingine, nalo ni macho. Watu wawili wanazungusha raketi chumbani, na mpira unapita kati yao kwa kasi kubwa. Mpira wa skwoshi ni mdogo kiasi cha kuweza kuingia katika tundu la jicho. Ule mkubwa wa raketiboli nao huumiza vibaya. Katika mashindano ya raketiboli kila mchezaji lazima avae miwani migumu ya kukinga macho, yenye vioo visivyopasuka upesi. Katika skwoshi watu wazima wengi hawalazimishwi. Basi mtu ahamapo asiivue miwani yake kwa kuwa wenyeji hawana. Tena mchezaji wa raketiboli amezoea kuuzungusha mkono kwa upana. Katika skwoshi mpinzani husimama karibu zaidi, na raketi ni ndefu kwa inchi 5. Ukiona ya kuwa raketi au mpira utampata mwenzako, zuia mkono. Michezo yote miwili ina sheria kwa ajili hiyo: mpira huo hurudiwa, na kama mwenzako alikuzuia katika pigo la kushinda, mpira waweza kuhesabiwa kuwa wako.

Neno la mwisho. Huko Uingereza upo mchezo wa tatu, uchezwao kwa mpira wa milimita 57 lakini ndani ya uwanja wa skwoshi wenye bati. Zamani uliitwa kwa jina lililokaribia sana raketiboli, hata watu wakachanganyikiwa. Mwaka 2016 ukapewa jina la Skwoshi 57, kwa upana wa mpira wake. Basi mtu akikukaribisha kucheza, mwulize juu ya mpira, kisha mtazame ukuta wa mbele kwa chini. Ukiona bati, umekwisha kujua nusu ya mambo.

Maswali

1. Kwa nini uwanja wa raketiboli una vipimo mbali na vya skwoshi?
2. Eleza namna ya kuupiga mpira utokao ukuta wa nyuma katika raketiboli.
3. Mpira umegonga ukuta wa mbele inchi 10 juu ya sakafu. Katika mchezo upi ni halali, na katika upi si halali? Kwa nini?
4. Utamtambuaje katika uwanja wa skwoshi mchezaji aliyezoea raketiboli?