Kuuza Nyumba ya Makazi: Kikomo cha Faida ya Shilingi Milioni 15 na Umuhimu wa Kutunza Stakabadhi

Wananchi wa Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, wanaokusudia kuuza nyumba wanazoishi wanaweza kusamehewa Kodi ya Ongezeko la Mtaji, mradi watimize masharti yaliyowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Msamaha huo hautolewi kwa kila nyumba, na mara nyingi kuupata au kuukosa hutegemea kumbukumbu ambazo muuzaji alizitunza tangu siku ya kununua kiwanja.

Kodi hiyo haitozwi kwenye bei yote ya mauzo, bali kwenye faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama alizotumia mmiliki. Gharama hizo ni pamoja na bei ya kiwanja, ujenzi, maboresho, na malipo ya wakili, mthamini au dalali. Kwa mtu aliye mkazi wa Tanzania kikodi, kiwango ni asilimia 10 ya faida.

Masharti ya msamaha

Ili nyumba ihesabiwe kuwa makazi binafsi yasiyotozwa kodi, mmiliki awe ameimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na awe ameishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi. Kipindi cha kuishi si lazima kiwe cha mfululizo. Aliyehamishiwa kikazi kisha akarejea anaweza kujumlisha vipindi vyote. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kupangisha, ambayo mwenyewe hakuwahi kuishi, haimo katika msamaha huu.

Sharti la tatu ndilo linalohitaji uangalifu zaidi: faida isizidi shilingi milioni 15. Kiasi hicho ni mpaka wa msamaha, si punguzo. Faida ikivuka hapo, kodi hutozwa kwenye faida yote, si kwenye ziada peke yake.

Kwa mfano, mkazi wa mjini Masasi alinunua kiwanja kwa shilingi milioni 4, akajenga kwa shilingi milioni 22, na ameishi humo miaka minane. Gharama yake ni shilingi milioni 26. Akiuza kwa shilingi milioni 40, faida ni shilingi milioni 14 na hatalipa kodi hiyo. Akiuza kwa shilingi milioni 42, faida inakuwa shilingi milioni 16, na kodi ni shilingi milioni 1.6. Nyongeza ya bei ya shilingi milioni 2 inambakizia shilingi 400,000 tu.

Asiye na kumbukumbu

Hesabu hiyo inawezekana pale tu gharama zinapothibitika. Nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo, msimu wa korosho baada ya msimu, na stakabadhi za saruji, mabati na malipo ya mafundi hupotea. Kufuatia marekebisho ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kuchukua iliyo kubwa. Kwa nyumba ya shilingi milioni 40, hiyo ni shilingi milioni 1.2, ilhali mwenye stakabadhi katika mfano uliotangulia hakudaiwa chochote.

Kodi hulipwa kabla ya umiliki kuhamishwa. Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila cheti cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kinachothibitisha kuwa kodi imelipwa au kwamba haidaiwi. Hivyo hata anayestahili msamaha hana budi kufika TRA na mkataba wa mauziano, nyaraka za umiliki na stakabadhi zake.

Mashamba na magari

Shamba, likiwemo la mikorosho, lina msamaha wake. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko iliyo chini ya shilingi milioni 10 haitozwi kodi hiyo, iwapo ilitumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo.

Gari la matumizi binafsi halimo katika mali zinazotozwa Kodi ya Ongezeko la Mtaji, kwa kuwa sheria inagusa ardhi, majengo, hisa na dhamana. Yanayolipwa ni malipo ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu. Gari la biashara ni tofauti. Mauzo yake huingia katika hesabu za biashara husika.

Muuzaji wa gari anapaswa kuhakikisha uhamisho unakamilika TRA. Kadi ikibaki na jina lake, kumbukumbu za usajili zitaendelea kumtambua yeye kuwa mmiliki, hata kama fedha alikwishapokea.