Kodi kwa uraia na kodi kwa ukaazi

Kodi kwa uraia na kodi kwa ukaazi ni misingi miwili ambayo nchi hutumia kuamua nani alipe kodi ya mapato yaliyopatikana nje ya mipaka yake. Katika msingi wa kwanza, raia hudaiwa popote anapoishi. Katika wa pili, hudaiwa mtu anayehesabiwa kuwa mkazi, awe raia au mgeni. Nchi nyingi, zikiwemo Tanzania na Kenya, hufuata ukaazi. Marekani na Eritrea hufuata uraia.

## Ukaazi nchini Tanzania

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mkazi kodi ya mapato yake ya dunia nzima. Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Mtu ni mkazi katika mwaka fulani akitimiza mojawapo ya masharti haya:

- ana makazi ya kudumu nchini na amekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo;
- amekuwepo nchini siku 183 au zaidi;
- amekuwepo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka;
- ni mtumishi wa Serikali aliyepangiwa kazi nje ya nchi.

## Mfano

Tuseme fundi umeme kutoka Kolo, wilayani Kondoa, anafanya kazi Maskati, Omani, ambako mshahara wake haukatwi kodi ya mapato. Familia yake inaishi katika nyumba yake ya Kolo. Akija likizo wiki tatu, siku zake hazikaribii 183, lakini sharti la kwanza limetimia: ana makazi ya kudumu na amefika nchini. Kisheria ni mkazi mwaka huo, na mshahara wa Maskati unaingia katika hesabu ya kodi. Kwa kuwa hakulipa kodi Omani, hana cha kupunguziwa.

Asipofika kabisa mwaka mzima, si mkazi. Akiwa amepangisha chumba Kondoa, kodi ya mapato itahusu pango hilo tu.

## Tofauti na uraia

Kama fundi huyo angekuwa raia wa Marekani, kuhesabu siku kusingemwondolea wajibu. Angepaswa kutoa taarifa ya mapato yake huko kila mwaka yakifikia kiwango kilichowekwa, ingawa sheria huruhusu kusamehewa sehemu ya mshahara wa nje au kupunguziwa kodi iliyolipwa nchi nyingine. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha msingi huo mwaka 1924. Kuuepuka kunahitaji kuukana uraia, na tangu 2008 baadhi ya wanaoukana, hasa matajiri, hutozwa kodi ya kuondoka.

Eritrea hudai asilimia 2 ya mapato ya raia wake walio nje. Kwa kuwa haina uwezo wa kuwakagua ugenini, hutegemea huduma za ubalozi: asiyelipa anaweza kunyimwa hati anazohitaji.