Sebule ya wakwe: lita nane za rangi na siku nne

Mtoto wa dada yangu aliolewa Masanze, wilayani Kilosa, na miezi mitatu baada ya harusi alinitumia barua aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari. Alitaka kuwaomba wakwe zake ruhusa ya kuitengeneza sebule. Aliniomba nimsahihishie lugha. Mstari wa pili ulisema: "Sebule yetu imechakaa, naomba niibadilishe."

Nilimpigia simu hapohapo. Baba mkwe ndiye aliyeijenga nyumba ile, na matofali aliyachoma mwenyewe. Ukimwambia kwamba sebule yake imechakaa, hakuna hesabu itakayoitengeneza tena barua hiyo. Lakini tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko lugha, kwa sababu barua nzima haikuwa na namba hata moja. Mkwe akisikia neno "kubadilisha" bila kipimo, hujaza kipimo mwenyewe, na mara nyingi hukijaza kwa hofu. Huona makochi yametupwa, picha ya marehemu imeshushwa na deni limeingia dukani. Nikamwambia atafute futi ya fundi, akapime kwanza.

Sebule ina urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7. Ukizunguka kuta zote nne unapata mita 15.6, na ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 42. Toa milango miwili na madirisha mawili, ambayo kwa pamoja ni karibu 6.7, zinabaki mita za mraba 35 na nusu. Hiyo ndiyo kazi yote. Chumba kinachoonekana kikubwa unapofagia, ukutani ni eneo dogo kuliko sakafu ya darasa moja.

Kabla ya kununua rangi kulikuwa na ukuta mmoja wa kuchunguza. Upande wa varanda, kuanzia sakafuni hadi kama magotini, rangi ya mafuta ilikuwa imevimba malengelenge, na ukiligusa lengelenge linapasuka na kumwaga unga mweupe kama chumvi. Kwa kweli ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba chumvi za udongo na za tofali lenyewe. Maji yakifika usoni pa ukuta hukauka na kuiacha chumvi. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilijengwa bila kutandika nailoni nzito kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo hakuna kinachoyazuia maji kupanda. Halafu tunapaka rangi ya mafuta mita ya chini ili ifutike kwa kitambaa, na rangi hiyo huyafungia maji ndani. Yanasukuma mpaka yatoke.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Alikata kipande cha nailoni angavu, sentimita 40 kwa 40, akakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, akakiacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa nje wa nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani. Yakitokea upande wa ndani, ukutani, maji yanatoka kwenye ukuta. Yeye aliyakuta ndani.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea katika kazi hizi. Fundi anayetaka kumaliza haraka atakwangua kidogo, atapaka unga wa jipsamu ili ukuta uwe laini, kisha atarudisha rangi ya mafuta. Jipsamu ikilowa hulainika na kuachia. Masika yakifika, kuanzia Machi, ukuta unarudi ulivyokuwa, na mkwe mpya ndiye anayeonekana aliyeharibu.

Dawa ya kwanza ipo nje na haina bei. Kwa miaka mingi udongo umefagiliwa na kurundikana kwenye ukuta ule mpaka umefika usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya paa yanadondokea palepale. Udongo ushushwe kwa jembe, angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na ufunguliwe mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali. Ndani, rangi ya mafuta ikwanguliwe yote mpaka kwenye lipu, kwa sababu chokaa haishiki juu ya mafuta. Kisha ukuta uachwe wazi wiki nne za kiangazi. Chumvi itaendelea kutoka. Ipigwe kwa brashi kavu, isioshwe, maana ukiiosha unairudisha ndani. Baada ya hapo mita ya chini ipakwe chokaa, mikono mitatu myembamba, mkono mmoja kwa siku. Chokaa huuruhusu ukuta kupumua. Haifanani na rangi ya mafuta kwa kung'aa, na huchafua nguo ya anayeegemea, kwa hiyo kochi la upande ule litakaa shubiri moja mbali na ukuta. Haya aliyaandika waziwazi, ili pasiwe na mtu atakayeshangaa baadaye.

Sasa rangi. Ukitoa sehemu ya chokaa, mita 4.2 kwa mita moja, zinabaki mita za mraba 31. Kwa mikono miwili ni 63. Kwenye lipu yenye chenga nahesabu lita moja kwa mita nane za mraba, hata kama kopo linaahidi zaidi. Jibu ni lita nane. Dukani alikouliza, kopo la lita nne lilikuwa shilingi 22,000, kwa hiyo makopo mawili ni 44,000. Ndoo ya lita 20 ilikuwa 75,000. Anayebana matumizi angechukua makopo mawili na kuondoka.

Mimi nilimwambia achukue ndoo. Tofauti ni shilingi 31,000, na zinabaki lita 12. Chumba cha baba na mama ni mita tatu kwa tatu. Kuta zake, ukitoa mlango na dirisha, ni mita za mraba 29, na kwa mikono miwili zinahitaji lita saba na kidogo. Kwa hiyo ndoo moja inatosha sebule na chumba cha wakwe, na zinabaki zaidi ya lita nne za kuziba mikwaruzo. Kwa tofauti hiyo ndogo ombi la mkwe linakuja na kitu mkononi, na mama hahitaji kuambiwa kwamba ni zawadi. Ataiona mwenyewe kwenye hesabu.

Vitu vingine ni vidogo: chokaa mfuko mmoja 10,000, jipsamu ya kuziba nyufa za kuta kavu tu 7,000, msasa, brashi na rola 18,000, bodaboda ya mzigo 10,000, fundi 60,000. Jumla na ndoo ya rangi ni shilingi 180,000. Alikuwa amevuna 200,000 kutoka kikoba chake. Zikabaki 20,000 za dharura, na katika kazi ya ukuta wa zamani dharura haikosekani.

Makochi nilimwomba ayaache. Seti yao ni ya watu saba: kochi la watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja. Kuyavisha upya kunakula mita saba, tano, tatu na tatu, jumla mita 18 za kitambaa. Kwa 7,000 kila mita ni 126,000, na ushonaji 60,000. Hiyo ni 186,000, zaidi ya kuta zote na fundi wake. Lakini sababu yangu kubwa haikuwa fedha. Juu ya kila kochi kuna kitambaa cheupe ambacho mama mkwe alikifuma kwa mkono, sindano moja na uzi wa pamba, na cha kochi la watatu kina tausi wawili wanaotazamana. Ukigusa kochi unavigusa vile. Mwaka wa kwanza vifuliwe, vianikwe, virudi mahali pake.

Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye orodha ya duka. Ni siku. Sebule ya nyumba ya familia ndipo wanapopokelewa wageni wa posa, ndipo wazee wanapokaa kukiwa na mgonjwa, na msiba ukitokea ndipo akina mama wanapotandika mikeka. Kuifunga bila kusema kwa siku ngapi ni kuiweka familia nzima nje. Basi tulizihesabu. Siku moja ya kukwangua, mwanzoni mwa Julai, jioni chumba kinafagiliwa na kurudi kazini. Baada ya wiki nne, Jumatatu kuhamisha, kupiga msasa, kuziba nyufa na chokaa ya kwanza. Jumanne rangi ya kwanza na chokaa ya pili. Jumatano rangi na chokaa za mwisho. Alhamisi asubuhi vitu vinarudi. Kwa jumla siku nne na asubuhi moja.

Swali la nani aombwe nalo si dogo. Wasagara wa Kilosa, kama majirani zao Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika nyumba nyingine sauti ya mjomba ni nzito kuliko mgeni anavyodhani. Nilimwambia amuulize mumewe kwanza, kisha barua aipeleke kwa wifi yake mkubwa, ambaye ndiye humsomea mama. Iliyokwenda ni hii:

"Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mtoto wenu ni mzima, na nawashukuru kwa jinsi mlivyonipokea. Nina ombi, na mume wangu analifahamu. Naomba ruhusa ya kupaka rangi sebule tunayokaa sote. Ukuta wa upande wa varanda unapandisha maji, nami naogopa masika yajayo yasije yakala lipu ambayo Baba aliipiga. Naomba pia Baba atuelekeze jinsi ya kushusha udongo wa nje, kwa kuwa yeye ndiye anayejua msingi ulipo.

Makochi, vitambaa vya Mama, kabati, saa na picha ya Babu vitarudi palepale vilipo, ila kochi la upande wa varanda litakaa shubiri moja mbali na ukuta, maana chini patapakwa chokaa, nayo haing'ai kama rangi ya mafuta na huchafua nguo. Picha naomba Baba aishushe na kuipandisha kwa mkono wake. Gharama ni shilingi 180,000, nimezivuna kwenye kikoba, hakuna deni. Rangi itakayobaki inatosha chumba chenu, mkipenda. Rangi yenyewe naomba Mama achague.

Sebule itafungwa siku moja mwezi wa saba, na siku tatu na asubuhi moja mwezi wa nane. Ukitokea ugeni au msiba, kazi itasimama na chumba kitafunguliwa siku hiyohiyo. Kama mwaka huu haufai, nitasubiri.

Mtoto wenu."

Jibu lilikuja kwa simu baada ya siku tano, wifi akiwa msemaji. Baba hakuuliza fedha. Aliuliza zile siku tatu ni za wiki gani, kwa sababu kuna wageni wa posa ya binti mdogo mwezi wa nane, na alitaka wakute rangi imeshakauka. Mama amechagua rangi ya maziwa. Udongo wa nje umeshaanza kushushwa, na mgomba uliokuwa umebanana na ukuta umehamishiwa karibu na bafu.