Supu ya Mifupa ya Kuku na Hatari ya Kuipoza Polepole

Kuku aliyeokwa akishaliwa, hubaki mifupa iliyoshikamana na gegedu, kano na ngozi. Katika sehemu hizo mna protini ngumu iitwayo kolajeni. Ikikaa muda mrefu katika maji ya moto, nyuzi zake huachana na kugeuka jelatini, ambayo huyeyuka na kuipa supu uzito wake.

Tuchukue mifupa ya kuku mmoja, yenye uzito wa nusu kilo hivi. Ivunjwe, kisha itiwe sufuriani pamoja na lita moja na nusu ya maji baridi. Maji yakikaribia kuchemka, povu lienguliwe na moto upunguzwe mpaka vionekane viputo vichache tu. Supu ichemkayo kwa nguvu huvuruga mafuta yakawa matone madogo mno yasiyoweza kuelea, nayo hupata ukungu. Baada ya saa mbili zitiwe karoti na kitunguu; saa ya tatu ichujwe. Itapatikana lita moja au pungufu.

Sasa yafaa tuwe waangalifu. Wako bakteria wa jamii ya klostridiamu wajengao vijimbegu vyenye ganda gumu, visivyokufa katika maji yachemkayo. Kuchemsha huwaua washindani wao na kufukuza oksijeni, ambayo ni adui yao. Supu iachwapo sufuriani usiku kucha, hupita polepole mno katika joto wanalolipenda. Penye nyuzi 43 za sentigredi hivi, huweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi. Mwanafunzi na apige hesabu: kwa kasi hiyo, bakteria mmoja huwa 262,144 baada ya saa tatu. Wala pua haitatambua lolote. Tumbo ndilo litakalotambua, pengine kesho yake.

Kwa hiyo supu imiminwe katika vyombo vipana, kimo chake kisizidi sentimita tano, na vyombo viwekwe ndani ya beseni la maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara. Ishuke hadi nyuzi 21 katika muda wa saa mbili, kisha iingie katika jokofu. Asiye na jokofu aipikie chakula papo hapo, ingali moto.

Ikipoa, mafuta huganda juu na supu hutetemeka kama jeli. Isipotetemeka haikuharibika, maji yalizidi au muda ulipungua.

Kwa mlo wa pili, vikombe vinne vya supu vichemshwe barabara, vitiwe vikombe viwili vya mchele na chumvi, na kufunikwa juu ya moto mdogo. Njegere, maharage machanga au karoti zilizobaki, ikiwa zilihifadhiwa penye baridi, zichanganywe dakika tano za mwisho mpaka zipate moto kabisa. Zimekwisha kulainika, na zikitangulia zitavurugika. Wali huo uliwe wote siku hiyo hiyo, maana mchele nao una vijimbegu vyake, na baadhi ya bakteria wake hutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto upya.