Kivuli Kwenye Pafu la Mzee: Jinsi ya Kuielewa Ripoti ya Eksirei ya Kifua

Tuchukue ripoti ya mfano, ya mzee wa miaka 64 aliyelazwa kwa homa, kikohozi na kichomi upande wa kulia. Ripoti nyingi hutoka kwa Kiingereza. Hii ikiwekwa kwa Kiswahili inasomeka hivi:

“Picha ya AP, mgonjwa ameketi. Kivuli sehemu ya chini ya pafu la kulia, chenye mistari ya hewa ndani yake. Pembe ya kulia kati ya mbavu na kiwambo imeziba. Moyo unaonekana mkubwa. Kovu dogo lenye chokaa juu ya pafu la kushoto. Yaelekea ni nimonia yenye maji kidogo. Ioanishwe na hali ya mgonjwa. Picha irudiwe baada ya wiki 6.”

Watoto wa mzee wakiisoma wanaondoka na mawili tu: kivuli, yaani kansa, na moyo mkubwa. Yote mawili hayamo katika ripoti hiyo.

Mionzi hupita kwenye hewa bila shida, ndiyo maana pafu zima hutoka jeusi. Mfupa huizuia, ukatoka mweupe. Kwa hiyo “kivuli” cha ripoti ni weupe, na maana yake ni kwamba mahali palipotakiwa kuwa na hewa pana kitu kingine. Kitu gani? Hapo picha haisemi. Usaha, maji, damu na uvimbe vyote hutoa weupe unaokaribiana sana. Mistari ya hewa ndiyo inayomsaidia msomaji wa picha: vifuko vidogo vya hewa vimejaa, lakini njia za hewa zinazopita katikati yake bado ziko wazi, nazo huonekana kama matawi meusi ndani ya weupe. Mzee mwenye homa ya ghafla akiwa na picha ya namna hiyo, nimonia ndiyo hufikiriwa kwanza.

Pembe iliyoziba ni maji yaliyotuama kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mgonjwa akiwa wima, pembe ya kando huanza kuzibika maji yakifika kama mililita 200, karibu glasi moja. Nimonia mara nyingi huleta maji kidogo kama hayo. Akipigwa picha amelala chali, maji husambaa nyuma ya pafu na huenda yasitambulike. Utrasaundi huyaona vizuri zaidi.

Sasa moyo. Herufi AP zina maana kwamba mionzi iliingilia kifuani ikatokea mgongoni, kama inavyofanywa kwa mgonjwa asiyeweza kusimama. Moyo uko mbele, kwa hiyo umekuwa mbali na sahani ya picha, na kivuli chake kinapanuka kama cha mkono uliosogezwa karibu na taa. Katika picha ya PA kifua hubanwa kwenye sahani, na hapo ndipo kipimo cha kawaida hutumika: kwa mtu mzima, upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua. “Unaonekana mkubwa” kwenye AP si ugonjwa wa moyo. Daktari akiwa na shaka ataagiza picha nyingine au kipimo cha moyo cha utrasaundi.

Kovu lenye chokaa ni alama ya ugonjwa uliopita na kupona, mara nyingi kifua kikuu cha zamani. Kama nyumbani kuna eksirei ya miaka ya nyuma, ipelekeni: kovu lisilobadilika kwa miaka halimsumbui daktari. Hata hivyo, picha peke yake haithibitishi wala kukanusha kifua kikuu kilicho hai. Hilo huamuliwa na makohozi.

“Ioanishwe na hali ya mgonjwa” huwaudhi wengi, na kusema kweli baadhi ya wasomaji wa picha huibandika kila mahali. Lakini ni maneno ya haki: aliyeandika hakumgusa mgonjwa wala kumsikiliza kifua.

Sentensi inayopuuzwa kuliko zote ni ile ya wiki 6, kwa kuwa wakati huo mzee ameshapona na yuko shambani. Weupe wa nimonia huchelewa kufutika, hasa kwa wazee na wavutaji sigara, hivyo kurudia picha baada ya siku chache wakati mgonjwa anaendelea vizuri huwatisha watu bure. Baada ya wiki 6 daktari anatafuta jambo moja: je, weupe umebaki palepale? Nyuma ya nimonia huenda kulikuwa na uvimbe unaoziba njia ya hewa, na hapo huagizwa sitii skani.

Wiki hizo si za kusubiri kama hali ni mbaya. Homa isiposhuka baada ya siku tatu za dawa, au pumzi ikizidi kubana, mzee arudishwe mara moja, kwani yale maji kidogo yanaweza kuwa yameongezeka au yamegeuka usaha wa kutolewa kwa mrija.