Bila Mtoano, Mshindi Anapatikana

Kila tukipanga siku ya michezo ya watoto hapa Katonga, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Mwalimu, kama hakuna anayetolewa, aliye bora utamjuaje?" Nimechoka na swali hili, maana limegeuzwa juu chini. Mtoano ndio unaoficha aliye bora.

Chukua watoto 32 wakishindana wawili wawili kwenye mbio za magunia. Raundi ya kwanza tu, 16 wameshakaa chini. Na huyo wa pili kwa kasi? Kura ikipigwa kwa haki, ana nafasi 16 kati ya 31 za kupangwa upande wa ratiba asiko yule wa kwanza. Nje ya hapo, atakutana naye kabla ya fainali na kwenda nyumbani mikono mitupu, huku zawadi yake akipewa mtoto asiyemfikia kwa kasi. Mwanahisabati Mwingereza Charles Dodgson alilalamikia kasoro hiyo kwenye tenisi mwaka 1883. Bado tunaing'ang'ania!

Wengine husema kutolewa humkomaza mtoto. Kunamkomazaje? Tazama rede: anayepigwa mpira mapema ni yule asiyejua kukwepa, na ndiye anayekaa akitazama. Anayebaki akijifunza ni aliyekwisha kujua.

Rede yenyewe hurekebishika kirahisi. Weka watoto 6: wawili warushe, wanne wajaze mchanga kwa mkono, kila mmoja kwenye chupa yake ya nusu lita. Aliyepigwa akimbilie mstari wa pembeni, auguse, arudi kwenye chupa yake. Mchanga wake haumwagwi. Kila dakika 2 badilisha warushaji, hivyo katika dakika 6 kila mtoto amerusha kwa 2 na kujaza kwa 4. Pima kwa rula: sentimita 2 za mchanga, pointi 1, zisizidi 10.

Kwa watoto 48, tenga vituo 8 vya watoto 6, rede ikiwa kimojawapo. Dakika 6 za kucheza, 2 za kuhama, filimbi moja kwa wote. Baada ya dakika 64 kila mtoto amepita kila kituo. Jihadharini na kituo cha kuruka kamba. Anayeruka mara 120 akiandikiwa pointi 120, na mlenga kikapu akiandikiwa 7, kamba imemeza vituo vyote. Dalili yake ni kwamba orodha ya jumla inafanana na orodha ya kamba. Kila kituo kiishie pointi 10: miruko 12, pointi 1.

Anzeni asubuhi kabla mchanga haujachoma nyayo, na mchague siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipoingia ziwani, ili wazazi wasimamie vituo. Wakilingana pointi, wote wapewe nafasi ileile. Msiwarudishe uwanjani kutoana.