Ukurasa Unaosomeka: Vitabu na Sauti kwa Mtoto Mwenye Disleksia

Mama mmoja anayeuza mahindi katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, alimpeleka mwanawe wa miaka 10 kupimwa macho. Mtoto yuko Darasa la Nne, na babake alikuwa ameanza kusema kwamba ni heri akachunge mbuzi kuliko kupoteza muda shuleni. Macho yalikuwa mazima. Masikio nayo yalipimwa yakaonekana mazima. Ndipo mama akasema jambo ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: "Daktari, nikimsimulia hadithi anaikumbuka yote. Akishika kitabu mwenyewe anatokwa jasho."

Tofauti hiyo kati ya sikio na jicho ndiyo dalili ya kwanza ya disleksia, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na namna ubongo unavyooanisha sauti za lugha na herufi. Si kasoro ya akili wala ya macho. Mtoto huyo alipewa kifungu cha maneno 60 akakisoma kwa dakika 4. Hakukosea maneno mengi, na hapa ndipo wengi hupotea. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu: herufi husomwa jinsi zilivyoandikwa. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila hufika akiwa amechoka, silabi kwa silabi, na mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Mhudumu anayehesabu makosa tu atasema mtoto anasoma vizuri. Ni lazima kutazama saa pia. Mtoto aombwe vilevile kutoa sauti ya kwanza katika neno, kwa mfano abakize nini akiondoa "ma" katika "maziwa", kwani zoezi hilo halihitaji kitabu wala kalamu. Na kabla ya kutaja disleksia, iulizwe kama mtoto amehudhuria shule ipasavyo, na kama nyumbani huzungumzwa Kigogo au Kikaguru, maana asiyekijua Kiswahili vizuri naye husoma polepole.

Tiba ya msingi ni mafundisho ya sauti na silabi, hatua kwa hatua, kwa muda mrefu. Makala hii inahusu kile kinachowekwa mbele ya macho yake wakati mafundisho hayo yakiendelea.

Wazazi wenye simu husikia habari za fonti maalumu kama OpenDyslexic, ambayo herufi zake zimenenepeshwa chini. Inapatikana bure, na mtoto akiipenda hakuna madhara. Hata hivyo tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 na 2018, moja kuhusu fonti hiyo na nyingine kuhusu ile iitwayo Dyslexie, hazikuona watoto wakisoma kwa kasi zaidi wala kwa usahihi zaidi. Karatasi za plastiki zenye rangi zinazowekwa juu ya ukurasa nazo hazina ushahidi wa kutosha, na fedha za kuzinunua zingefaa zaidi kwa vitabu.

Kilichoonekana kusaidia ni nafasi. Mwaka 2012 watafiti wa Italia na Ufaransa waliwapa watoto wenye disleksia maandishi ya ukubwa wa pointi 14, wakaongeza pointi 2.5 kati ya herufi na herufi, na kupanua pia nafasi kati ya maneno na kati ya mistari. Watoto walisoma kwa makosa machache zaidi na kwa kasi iliyopanda kwa zaidi ya asilimia 20, siku hiyohiyo, bila mazoezi yoyote. Sababu yake ni kwamba herufi zilizobanana huzibana jirani zake machoni, na watoto hawa huathirika na msongamano huo kuliko wenzao.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Hawakutufundisha" ni neno moja lenye herufi 16. Mwalimu mwenye kompyuta anaweza kuandaa ukurasa kwa dakika chache: katika Word achague maandishi, abonyeze Ctrl+D, aingie Advanced, kisha kwenye Spacing achague Expanded na kuandika 2.5 pt. Atumie fonti ya kawaida isiyo na vikia, kama Arial au Verdana. Aongeze nafasi kati ya maneno, la sivyo maneno yataonekana kama mnyororo mmoja. Mistari ianze sawa kushoto na upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Neno lisikatwe mwishoni mwa mstari hata kidogo, maana nusu ya "hawakutufundisha" haina maana kwa msomaji anayehangaika.

Vitabu vya kuanzia vipo bila malipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia neno au sentensi fupi kwa ukurasa. Leseni yake inaruhusu kuchapa upya, kubadili mpangilio na kurekodi sauti, ndiyo maana unafaa kazi hii. Kwa mtoto wa Kibaigwa ilichaguliwa "Wimbo wa Sakima" ya Ursula Nafula, kisa cha mvulana asiyeona anayependa kuimba. Sentensi zake ni fupi, lakini kisa hakimdhalilishi mtoto wa miaka 10 kama vingefanya vitabu vya watoto wa chekechea. Baadaye ilifuata "Simbegwire" ya Rukia Nantale, yenye maandishi mengi zaidi.

Kuhusu vitabu vyenye hakimiliki, Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaolenga kurahisisha utengenezaji wa nakala zinazofikika kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Mkataba huo unawahusu wenye ugumu wa kusoma pia, wala si wasioona peke yao.

Sauti ilirekodiwa na dada wa mtoto kwa simu, taratibu, akipiga kofi moja kila ukurasa unapofunguliwa. Mtoto alisikiliza huku akifuata kwa kidole, dakika 10 kila jioni. Kosa la kawaida ni kusoma haraka mno: mtoto huacha maandishi na kubaki akisikiliza tu. Ili kulitambua, sauti isimamishwe ghafla na kidole kitazamwe kiko kwenye neno gani. Simu za Android zina pia Select to Speak inayosoma maandishi yaliyo kwenye skrini, lakini lazima sauti ya Kiswahili ichaguliwe kwanza. Sauti ya Kiingereza huharibu matamshi yote. Somo la Sayansi lilirekodiwa kando, bila kidole wala kitabu, kwa kuwa lengo hapo ni maarifa.

Baada ya wiki 10, akifundishwa silabi pia na mwalimu wake, kifungu kingine cha maneno 60 alikisoma kwa dakika 2 na nusu. Bado yuko nyuma ya wenzake na imla yake ina makosa mengi. Babake alimsikiliza akisoma ukurasa mzima, na habari ya mbuzi imeahirishwa. Mwalimu sasa humsomea maswali ya jaribio kwa sauti. Linalomsubiri ni Kiingereza, ambacho tahajia yake hailingani na matamshi, na ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Kwa hiyo vitabu vya kusikiliza vya Kiingereza vinapaswa kuanza kutafutwa mapema, kabla hajafika Kidato cha Kwanza.